Dola ya Njano: Rufaa Ni Moja Tu

Kwa mwenye chaneli ya YouTube iliyokwisha kukubaliwa kulipwa, habari za pesa huanza na rangi. Ukifungua YouTube Studio, kila video ina alama ndogo ya dola katika mstari wake. Ikiwa ya kijani, video inaruhusiwa kupokea matangazo ya kila aina. Ikiwa nyekundu, kuna jambo la hakimiliki. Ikiwa ya kijivu na imekatwa kwa mstari, matangazo yamezimwa. Inayowanyima watu usingizi ni ya njano, ile inayoandikwa "Limited or no ads", maana yake matangazo yatakuwa machache au hayatakuwapo kabisa.

Dola ya njano si adhabu kwa chaneli. Video inaendelea kuonekana, hupewi onyo, na video zako nyingine hazikuguswa. Hata pesa huenda zikaingia kidogo, kwa sababu wapo watangazaji wachache wanaokubali kukaa kwenye video za aina hiyo, na watazamaji wanaolipia YouTube Premium bado wanahesabika. Lakini anayeishi kwa mgawo wake wa asilimia 55 wa mapato ya matangazo ataona tofauti siku hiyohiyo.

Chanzo cha utaratibu huu ni mwaka 2017. Mwezi Machi mwaka huo gazeti la The Times la Uingereza liliandika kwamba matangazo ya kampuni kubwa yalikuwa yakionekana kwenye video za watu wenye siasa kali, na kampuni nyingi zikasimamisha matangazo yao. YouTube ikakaza masharti, na Agosti ya mwaka huohuo ikaleta alama hizi za rangi. Swali linaloulizwa tangu wakati ule si kama video yako ni nzuri au ni ya kweli. Linaloulizwa ni kama mwenye sabuni au benki angependa tangazo lake likae juu ya video hiyo. Ukilishika swali hilo, maamuzi mengi yanayoonekana ya ajabu yataanza kueleweka, hata yale usiyokubaliana nayo.

Uamuzi wa kwanza hutolewa na mashine. Inasoma kichwa cha video, picha ya jalada, maelezo na maneno ya utafutaji uliyoweka, kisha inapita kwenye picha na sauti za video yenyewe. Mashine hukosea, na YouTube yenyewe inakubali hivyo, ndiyo maana imeweka kitufe cha "Request review" kinachopeleka video kwa mkaguzi ambaye ni binadamu. Na hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Kila video ina nafasi moja tu ya kuombewa mapitio. Mkaguzi akishaamua, uamuzi wake ni wa mwisho. Mtu anaamka asubuhi, anaona njano, anapandwa na hasira, anabofya kitufe papo hapo kabla hata ya kusoma sababu, na baada ya siku moja anajibiwa kwamba mashine ilikuwa sahihi. Hapo mlango umefungwa, hata kama tatizo lilikuwa picha moja ya jalada ambayo angeibadilisha kwa dakika tano.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kusoma, si kubofya. Kaa kwenye kompyuta, ingia studio.youtube.com, fungua "Content", kisha tafuta safu ya "Monetization" na uweke kishale juu ya dola ya njano. Asiye na kompyuta anaweza kufungua ukurasa huohuo kwenye kivinjari cha simu akiwa amechagua muonekano wa kompyuta. Utaona maelezo mafupi na kiungo cha kuingia ndani zaidi, ambako unapewa jina la kundi la kosa: lugha chafu, ukatili, mambo ya ngono, mambo ya kutisha, dawa za kulevya, chuki, matukio yenye majonzi, na mengine. Jina la kundi peke yake halitoshi. Fungua mwongozo wa YouTube wa maudhui yanayowafaa watangazaji, usome sehemu ya kundi hilo hadi mwisho. Usitegemee ulichosoma mwaka juzi, kwa maana masharti hubadilika. Julai 2025, kwa mfano, YouTube ililegeza sharti kuhusu matusi makali yanayotamkwa katika sekunde saba za mwanzo, ambayo kabla ya hapo yaliweza kuinyima video matangazo, lakini matusi kwenye kichwa na picha ya jalada yakabaki kuwa tatizo.

Tuchukue mfano, tuufuate hatua kwa hatua. Tuseme kijana wa Mwanza ana chaneli ya historia, na ametengeneza filamu ya dakika 14 kuhusu MV Bukoba, meli iliyozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996 ikitoka Bukoba kwenda Mwanza na kuua mamia ya watu. Ameongea na watu wawili walionusurika, amekwenda makaburi ya Igoma walikozikwa wengi wa marehemu, na amepata picha za video za zamani za siku za uokoaji. Kazi ni ya heshima. Ameipa kichwa "MIILI ILIVYOTOLEWA MV BUKOBA, INATISHA!!" Picha ya jalada inaonyesha maiti zilizolazwa ufukweni, na mshale mwekundu umeelekezwa kwenye uso wa mmoja wao. Sehemu ya maelezo haina kitu zaidi ya ombi la kujiunga na chaneli. Saa chache baada ya kuipandisha, dola inakuwa njano, na sababu iliyotajwa ni maudhui ya kutisha.

Kijana huyu atasema, na wengi tungesema hivyo: hii ni historia, ni elimu, wanawezaje kuizuia? Mwongozo una jibu, na jibu hilo ni la undani kuliko watu wanavyodhani. Elimu na kumbukumbu za kihistoria zinapewa uzito kweli, lakini hazisafishi kila kitu. Maiti zinazoonekana wazi, zenye majeraha au hali ya kuogofya, hubaki kwenye njano hata ndani ya filamu ya kihistoria. Maiti zilezile zikifunikwa kabisa kwa ukungu, ndani ya filamu ileile, zinaweza kupata matangazo kamili. Na zikionyeshwa bila elimu yoyote, kwa kutisha tu, hazipati chochote. Kumbe tofauti kati ya njano na kijani haiko kwenye mada. Iko kwenye sekunde chache za picha na kwenye namna video ilivyotambulishwa.

Anarudi kuitazama filamu yake kama mgeni, mkononi ana daftari. Mazungumzo na walionusurika hayana tatizo. Kusimulia kifo kwa maneno, bila kukichezea, si sawa na kukionyesha. Makaburi ya Igoma hayana tatizo. Katika dakika ya sita kuna sekunde 12 ambamo miili mitatu inaonekana wazi. Hilo ni la kwanza. La pili ni picha ya jalada. La tatu ni kichwa, ambacho kinamwahidi mtazamaji kutishwa wala hakimwahidi kujua. La nne ni maneno ya utafutaji aliyoyaweka ili avute watu: "maiti", "damu", "inatisha". Mkaguzi anayefika kwenye video hii anasalimiwa na mambo matatu ya kuogofya kabla hajasikia sentensi ya kwanza ya msimulizi.

Marekebisho yote yanawezekana bila kuifuta video. Kufuta na kupandisha upya ni ushauri unaotembea sana kwenye makundi ya watengeneza video, na mimi sioni faida yake: unapoteza watazamaji, maoni na kiungo ulichokwisha kusambaza, na faili lilelile litapita tena kwenye mashine ileile. Badala yake kijana anafungua video ndani ya Studio, anaingia "Editor", anachagua "Blur" kisha "Custom blur", anachora kisanduku juu ya miili na kukivuta kifunike sekunde zote 12. Angeweza kukikata kipande hicho kwa "Trim & cut", lakini msimulizi alikuwa katikati ya sentensi, na kukata kungeacha pengo kwenye masimulizi. Anabofya "Save".

Hapa kuna mtego mdogo. Ukungu hauwekwi papo hapo. YouTube huitengeneza video upya, na kazi hiyo huweza kuchukua saa kadhaa. Katika muda huo watu wanaendelea kuona toleo la zamani. Anayeomba mapitio kabla kazi haijakamilika anahatarisha nafasi yake pekee kwa kumpelekea mkaguzi video ambayo bado ina kosa. Subiri mpaka marekebisho yamalizike, kisha itazame video ukiwa nje ya akaunti yako, kwenye simu ya mtu mwingine ikibidi, uhakikishe ukungu umekaa mahali pake na haukuhama mwili ulipohama.

Wakati anasubiri, anabadilisha mengine. Kichwa kinakuwa "MV Bukoba 1996: Simulizi za walionusurika". Picha ya jalada inakuwa uso wa mzee mmoja wa walionusurika, nyuma yake ziwa. Maneno ya utafutaji yanabaki yale ya kweli: jina la meli, Ziwa Victoria, Mwanza, Bukoba, historia ya Tanzania. Katika maelezo anaandika aya moja inayosema filamu inahusu nini, ni nani wanaozungumza, picha za zamani zimetoka wapi, na kwamba miili imefunikwa kwa heshima ya marehemu na ndugu zao. Aya hiyo inamsaidia mkaguzi kuelewa muktadha haraka. Na niseme ninaloliamini: wapo watu Bukoba na Mwanza ambao mama au kaka yao yumo kwenye picha hizo. Kuwafunika marehemu lilikuwa jambo la kufanya hata pasingekuwa na senti moja ndani yake.

Linabaki jambo moja ambalo wengi hulipita haraka wakati wa kupandisha video, nalo ni yale maswali ya "Ad suitability". YouTube inakuuliza wewe mwenyewe kama video ina matusi, ukatili, mambo ya kutisha na kadhalika, na watu wengi huweka tiki ya "None of the above" bila kusoma, ili wamalize. Kijana wetu alifanya hivyo. Majibu hayo yanahifadhiwa na kulinganishwa na uamuzi wa YouTube. Chaneli ambayo majibu yake huwa ya kweli inaaminiwa zaidi kadiri muda unavyokwenda, na ile inayokana kila kitu haiaminiwi. Anafungua video, anaingia "Monetization", anarudi kwenye maswali na kujibu kwa uaminifu: video inazungumzia ajali na vifo, ni ya kihistoria, na miili imefunikwa. Kujibu kweli hakumaanishi kujifunga. Maswali hayo yametofautisha kati ya kutaja jambo, kulionyesha likiwa limefunikwa, na kulionyesha wazi, na kila jibu lina uzito wake.

Sasa ndipo anapoweka kishale kwenye dola ya njano na kubofya "Request review". Anathibitisha kwamba ameusoma mwongozo, anatuma. Hata ukipata nafasi ya kuandika chochote, andika sentensi mbili au tatu zinazotaja sehemu: dakika ya sita miili imefunikwa, kichwa na picha ya jalada vimebadilishwa, filamu ni ya historia. Usiandike habari za muda uliotumia, deni la kamera, wala chaneli nyingine iliyoachiwa video mbaya kuliko yako. Mkaguzi anapima video iliyo mbele yake, na hoja yenye nguvu ni ile anayoiona akitazama.

Majibu mengi hutoka ndani ya saa 24, mengine huchukua hadi siku saba. Dola ikigeuka kijani, matangazo kamili yanaanza tangu hapo, lakini pesa za siku ilipokuwa njano hazirudishwi. Ikibaki njano baada ya mkaguzi kuitazama, usipoteze nguvu kuandikia kila anwani ya msaada. Hakuna ngazi ya juu ya kukata rufaa ya pili kuhusu matangazo ya video hiyo. Iache ipate kidogo inachopata, au iwe njia ya kuwaleta watu kwenye video zako za kijani. Zipo pia mada ambazo zitabaki njano hata zikishughulikiwa kwa ustadi, na mtengeneza video anayezipenda lazima apange mapato yake kwa kulijua hilo.

Kabla ya yote hayo lakini, hakikisha unapambana na taarifa inayohusika. Wapo wanaolalamika kuhusu dola ya njano wakati video yao ni ya kijani na imelipa kidogo tu. Hilo halina rufaa. Bei ya matangazo hupanda na kushuka kwa majira na kwa nchi wanakotoka watazamaji. Wapo wenye dai la hakimiliki, mara nyingi kwa sababu ya wimbo uliopigwa chinichini, na wanatafuta kitufe cha mapitio wasikione. Njia yao ni kupinga dai lenyewe, na aliyedai ana siku 30 za kujibu. Ukilipinga ndani ya siku tano tangu lilipowekwa, mapato yote ya video tangu siku ya kwanza ya dai yanawekwa kando mpaka shauri liishe, kisha hupewa atakayeshinda. Upinge tu ikiwa una haki kweli, kwa maana dai likifika mwisho vibaya linaweza kugeuka onyo kwa chaneli.

Taarifa iliyo nzito kuliko zote ni ile inayoiondoa chaneli nzima kwenye mpango wa malipo. Hiyo huja kwa barua pepe na sababu yake mara nyingi ni kutumia kazi za watu wengine bila kuongeza kitu, au kutengeneza video nyingi zinazofanana kama zimetoka kiwandani. Hapa una siku 21 za kukata rufaa, na unaweza kuikata kwa video. Video hiyo isizidi dakika tano, ipandishwe kwenye chaneli hiyohiyo ikiwa "Unlisted", na katika sekunde 30 za mwanzo ionyeshe au itaje anwani ya chaneli. Onyesha jinsi unavyofanya kazi: kamera yako, daftari la maswali, mahali unapohariri, faili za asili kabla hazijakatwa. Izungumzie chaneli kwa ujumla, usiing'ang'anie video moja. Rufaa ikikataliwa, utaweza kuomba tena kuingia kwenye mpango baada ya siku 90, na muda huo ni wa kusafisha chaneli.

Katika wakati kama huo utajitokeza mtu kwenye WhatsApp au Telegram anayeahidi kurudisha malipo kwa ada, akitaka nenosiri lako ili aandike rufaa kwa niaba yako. Usimpe. Hakuna kitufe alichonacho yeye ambacho huna wewe, na akishaingia kwenye akaunti anaweza kuichukua chaneli yote.

Turudi kwa anayetaka kutoa filamu ya kumbukumbu tarehe 21 Mei, siku ambayo Watanzania wengi wataitafuta habari hiyo. Asiipandishe usiku wa tarehe 20. Aipandishe tarehe 12 ikiwa "Private", ajibu maswali ya "Ad suitability" kwa ukweli, na asubiri hatua ya "Checks" imalize kuipima. Ikitokea njano, anaweza kurekebisha na kuomba mapitio hapohapo kabla mtu yeyote hajaitazama, na siku saba za mkaguzi zitakuwa zimekwisha kabla ya kumbukumbu. Watazamaji wengi wa video ya tukio huja siku mbili tatu za mwanzo. Wakija ikiwa ya njano, pesa yao imekwenda na hakuna rufaa inayoirudisha.